Mishale na visanduku: kwa nini elektroni huingia jozi pale tu inapobidi

Nafundisha kemia kidato cha tano na sita, na kila mwaka maswali ya visanduku huwa yaleyale, yakiulizwa kwa maneno tofauti. Nimeyakusanya hapa. Mfano wetu mkuu ni atomi ya oksijeni, kwa sababu ndiyo ya kwanza kumlazimisha mwanafunzi aamue wapi pa kuweka mshale wa pili katika 2p, na hapo ndipo kalamu nyingi husimama.

Kisanduku kinawakilisha nini, na mshale je?

Kisanduku kimoja ni obitali moja, yaani sehemu yenye umbo lake kuzunguka kiini ambamo elektroni hupatikana. Tabaka dogo la s lina kisanduku kimoja, la p vitatu, la d vitano. Mshale mmoja ni elektroni moja.

Mwelekeo wa mshale unaonyesha spini. Usiwaze pia ya kuchezea inayozunguka, picha hiyo itakupoteza baadaye. Chukua tu kwamba kila elektroni ni kama kijisumaku kidogo, na ukikipima katika mwelekeo wowote kinatoa jibu moja kati ya mawili: +½ au −½. Hakuna jibu la katikati. La kwanza tunalichora kwa mshale wa juu, la pili kwa mshale wa chini.

Kuna alama nyingine kwenye mchoro ambayo wengi hawaioni: visanduku vilivyogusana vina nishati sawa, na vilivyoachana vina nishati tofauti. Kanuni ya Hund, kwamba elektroni hutawanyika kila moja na kisanduku chake, spini zote upande mmoja, kabla ya kuingia jozi, inazungumzia visanduku vilivyogusana tu. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yaliyobaki hapa chini yatajijibu.

Nichoreje oksijeni hatua kwa hatua?

Oksijeni ni elementi namba 8, kwa hiyo una mishale minane mkononi. Anza chini kabisa, 1s, weka miwili. Nenda 2s, weka miwili. Imebaki minne, na mbele yako kuna visanduku vitatu vya 2p vyenye nishati sawa. Weka mmoja wa juu katika kila kisanduku kwanza. Hapo umefikia picha ya naitrojeni kwa upande wa 2p:

```
2p [↑ ][↑ ][↑ ]
```

Mshale wa nne hauna tena kisanduku kitupu hapo. Sasa ndipo unaingia na mwenzake, ukielekea chini:

```
1s [↑↓]   2s [↑↓]   2p [↑↓][↑ ][↑ ]
```

Ukihesabu elektroni zilizo peke yake unapata mbili. Namba hiyo ndiyo ya kukagulia kazi yako. Ukipata sifuri kwa oksijeni, maana yake ulijaza kushoto kwenda kulia kama unavyojaza maji kwenye chupa: `[↑↓][↑↓][ ]`. Hilo ndilo kosa ninalolikuta zaidi kwenye madaftari.

Haijalishi jozi umeiweka kisanduku cha kushoto, cha kati au cha kulia. Vitatu vyote ni sawa.

Kwa nini mshale wa pili katika kisanduku lazima uelekee chini?

Hiyo si kanuni ya Hund. Ni ya Wolfgang Pauli, ya mwaka 1925: elektroni mbili katika atomi moja haziwezi kufanana kwa kila kitu. Zikishakuwa katika obitali moja, kilichobaki cha kuzitofautisha ni spini peke yake, na spini ina majibu mawili tu. Ndiyo maana kisanduku hakibebi mshale wa tatu. Mchoro wenye `[↑↑]` si mchoro wa nishati kubwa wala wa atomi iliyosisimka, ni mchoro wa kitu kisichoweza kuwepo.

Kama elektroni hazipendi kukaa jozi, mbona 2s inapata jozi wakati 2p bado iko tupu?

Hili ndilo swali zuri kuliko yote, na huwa linaulizwa na yule anayekaa nyuma asiyeandika sana. Jibu ni kwamba kuna gharama mbili, na atomi hutulia penye jumla ndogo.

Gharama ya kwanza ni ya kukaa jozi. Elektroni mbili zenye chaji hasi zikibanwa katika obitali moja zinasukumana zaidi, na hilo linapandisha nishati. Gharama ya pili ni ya kupanda kutoka 2s kwenda 2p, kwa sababu 2p iko juu zaidi.

Tazama berili, elementi namba 4. Elektroni yake ya nne ingeweza kuingia 2s na mwenzake, au kupanda 2p ikakae peke yake. Tuseme tunaipendelea kabisa: tunaipandisha 2p na kuiacha spini yake ielekee upande mmoja na ile iliyobaki 2s, hali nafuu kuliko zote za upande huo. Hata hivyo vipimo vya mwanga wa berili vinaonyesha hali hiyo iko juu ya ile ya jozi kwa takribani 2.7 eV. Kwa atomi moja hiyo ni nishati nyingi, zaidi ya ile ya fotoni moja ya mwanga wa kijani. Kupanda kunagharimu kuliko kubanana, basi 2s inajaa jozi.

Ukishafika ndani ya 2p, hesabu inageuka. Kutoka kisanduku kimoja cha 2p kwenda kingine hakuna kupanda, gharama ya safari ni sifuri. Hapo hata gharama ndogo ya jozi inatosha kuzitawanya elektroni. Kwa hiyo maneno "inapobidi" yana maana mahususi: jozi inakuja pale ambapo njia nyingine iliyopo ni ghali zaidi.

Mwalimu wetu alitumia mfano wa abiria wa daladala. Unatosha?

Unatosha kwa nusu ya kanuni. Abiria wasiofahamiana huchukua kila mmoja kiti chake cha watu wawili, na anayechelewa ndiye anayekaa na mtu. Hapo umeeleza kutawanyika. Lakini kanuni ya Hund ina sehemu ya pili, kwamba zile zilizo peke yake zote zina spini ya upande mmoja, na abiria wa daladala hawana cha kukueleza juu ya hilo. Kama kusukumana kwa chaji kungekuwa ndiyo habari yote, `[↑ ][↓ ][ ]` ingekuwa sawa kabisa na `[↑ ][↑ ][ ]`.

Basi kwa nini mishale iliyo peke yake ielekee upande mmoja?

Twende kwa kaboni, yenye elektroni mbili tu katika 2p. Friedrich Hund alitoa kanuni zake miaka ya 1920 akijaribu kupanga mistari ya mwanga inayotolewa na atomi, kwa hiyo ni haki tuanze na mwanga. Vipimo vya kaboni vinaonyesha kwamba elektroni hizo mbili za 2p, bila kutoka 2p, zinaweza kujipanga kwa namna zenye nishati tatu kuu. Ya chini kabisa ina spini za upande mmoja. Ya pili iko juu yake kwa 1.26 eV, na ya tatu kwa 2.68 eV, na katika hizo mbili spini zimepingana. Tofauti hizo si ndogo. Spini zenyewe kama visumaku zinasukumana kwa nguvu hafifu mno isiyoweza kuleta tofauti ya ukubwa huo, kwa hiyo sababu lazima iwe nyingine.

Sababu inatoka tena kwa Pauli, safari hii kwa undani zaidi. Elektroni mbili zenye spini moja haziwezi kukutwa mahali pamoja hata zikiwa katika obitali tofauti. Kadiri zinavyokaribiana ndivyo uwezekano wa kuzikuta hapo unavyoelekea sifuri. Hazihitaji hata chaji ili zikwepane, ni asili yake. Zenye spini zinazopingana hazina katazo hilo, zinaweza kukaribiana mpaka chaji izizuie.

Vitabu vingi huishia hapo: zikikwepana zinasukumana kidogo, nishati inashuka, kwisha. Kwa mtihani hiyo inakubalika. Lakini mahesabu ya kina ya atomi nyepesi yameleta jibu tofauti kidogo, nami naliona zuri zaidi. Kwa kuwa zinakwepana, uwezo wa kila moja kumkinga mwenzake dhidi ya mvuto wa kiini unapungua. Kiini kinazivuta zote kwa nguvu zaidi, zinasogea ndani, na faida ya mvuto huo ndiyo inayoshusha nishati. Zikishasogea ndani, kusukumana kwenyewe kunaweza hata kuongezeka. Yaani matokeo ni yaleyale, ila anayelipa gharama siye uliyemdhania.

Nikichora mishale yote mitatu ya naitrojeni ikielekea chini, nimekosea?

Kifizikia hapana. Bila uga wa sumaku wa nje, `[↓ ][↓ ][↓ ]` na `[↑ ][↑ ][↑ ]` zina nishati ileile. Kinachohesabika ni kwamba mishale inakubaliana. Kuanza na ya juu ni desturi tu. Wasahihishaji wengi wameizoea, kwa hiyo ifuate.

Kuna ushahidi ninaoweza kuuona mwenyewe, au ni kukariri tu?

Upo kwenye jedwali la nishati ya kung'oa elektroni moja kutoka kwenye atomi, ambalo liko nyuma ya vitabu vingi vya kemia. Chukua mstari wa pili kuanzia boroni. Kwa kilojuli kwa moli: boroni 801, kaboni 1086, naitrojeni 1402. Kila hatua inapanda kwa kama 300, kwa sababu kiini kinaongezeka protoni. Ungetegemea oksijeni iwe karibu 1700. Ni 1314, chini ya naitrojeni.

Kisha mwendo unaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea: florini 1681, neoni 2081. Ukizichora kwenye karatasi ya grafu, utaona mistari miwili inayopanda karibu sambamba, na ule wa pili umeanza upya kutoka chini. Mahali ulipokatika ndipo elektroni ya nne ya 2p ilipoingia jozi. Elektroni hiyo imekaa na mwenye spini tofauti katika kisanduku kimoja, haina faida ya kukwepana waliyonayo wale watatu, ndiyo maana inang'oka kwa urahisi. Chora grafu hiyo kwa mkono wako.

Ushahidi wa pili uko angani. Mwanga mwekundu wa juu unaoonekana usiku karibu na ncha za dunia unatoka kwenye atomi za oksijeni ambazo spini zake zimepingana zote, hali iliyo juu ya ile ya kawaida kwa 1.97 eV. Atomi inaporudi kwenye mpangilio wa Hund hutoa mwanga wa nanomita 630. Kurudi huko kunataka spini moja igeuke, jambo ambalo mwanga hauliwezeshi kirahisi, kwa hiyo atomi hukaa ikisubiri kwa takribani dakika 2. Chini, penye hewa nzito, itagongwa na molekuli nyingine na kupoteza nishati hiyo kabla ya kuwaka. Ndiyo sababu wekundu huo huonekana juu sana, kilomita 200 na zaidi. Juu ya ikweta pia anga la usiku hutoa mwanga huohuo, ila hafifu kiasi kwamba unahitaji kifaa kuuona.

Oksijeni ikiwa kimiminika huvutwa na sumaku. Ni kwa sababu ya hizo elektroni mbili zilizo peke yake kwenye mchoro wetu?

Hapana, na hapa hata wanafunzi wazuri huteleza. Ni kweli kwamba oksijeni iliyopozwa chini ya nyuzi −183 na kuwa kimiminika hunasa kati ya ncha za sumaku yenye nguvu. Lakini kinachonasa ni molekuli, O₂, si atomi. Atomi mbili zikiungana, visanduku vyao vinachanganyika na kuwa visanduku vipya vya molekuli. Katika hivyo vipya, elektroni mbili za mwisho zinakuta visanduku viwili vyenye nishati sawa, nazo zinatawanyika zikiwa na spini ya upande mmoja. Kwa hiyo kanuni ya Hund imefanya kazi, ila kwenye mchoro mwingine. Kupata mbili mara zote mbili ni sadfa. Jaribu naitrojeni uone: atomi ina tatu zilizo peke yake, molekuli ya N₂ haina hata moja.

Kromi ni 3d⁵4s¹. Hiyo si kanuni ya Hund?

Si moja kwa moja. Hund anakuambia jinsi ya kupanga elektroni ndani ya visanduku vitano vya 3d ukishajua ni ngapi. Hakuambii ni ngapi ziende 3d na ngapi zibaki 4s. Kwa kromi ngazi hizo mbili ziko karibu mno, na faida ya kuwa na spini sita za upande mmoja, tano katika 3d na moja katika 4s, inazidi gharama ya kuhama.

Msemo wa "nusu kamili ni imara" utumie kwa tahadhari. Chini ya kromi katika jedwali kuna molibdeni, nayo inafanya vivyo hivyo, 4d⁵5s¹. Chini yake kuna tangsteni, na yenyewe ni 5d⁴6s². Kama nusu kamili ingekuwa sheria, tangsteni ingeitii.

Na ioni za chuma?

Chuma ni 3d⁶4s², chenye elektroni nne peke yake. Kinapopoteza elektroni, za 4s hutoka kwanza. Kwa hiyo Fe²⁺ ni 3d⁶:

```
3d [↑↓][↑ ][↑ ][↑ ][↑ ]
```

Fe³⁺ ni 3d⁵, tano zote peke yake. Anayetoa za 3d kwanza hapa hupata tatu badala ya tano na hawezi kujua amekosea wapi, maana mchoro wake kwa macho ni safi.

Je, kuna hali ambapo elektroni zinaingia jozi wakati bado kuna visanduku vitupu vya 3d?

Ndiyo, na mfano mmojawapo uko kwenye damu yako. Visanduku vitano vya 3d vina nishati sawa katika ioni iliyo peke yake tu. Ioni ikizungukwa na atomi nyingine kwa mpangilio wa pande sita, hugawanyika: vitatu vinashuka, viwili vinapanda. Sasa vimeachana, na swali la berili limerudi: kupanda au kubanana?

Ndani ya hemoglobini kuna Fe²⁺. Isipobeba kitu, pengo kati ya makundi hayo ni dogo, kupanda ni nafuu, na elektroni sita zinatawanyika kama kwenye mchoro wa juu, nne zikiwa peke yake. Hemoglobini hiyo huvutwa kidogo na sumaku. Ikinaswa na monoksidi ya kaboni, ile gesi inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, pengo linakuwa kubwa. Kupanda kunazidi gharama ya jozi, na zote sita zinarundikana chini:

```
juu   [  ][  ]
chini [↑↓][↑↓][↑↓]
```

Hakuna iliyobaki peke yake. Linus Pauling na Charles Coryell walipima hilo mwaka 1936 kwa kuning'iniza sampuli za damu katika uga wa sumaku na kuona uzito wake unavyobadilika. Damu yenye monoksidi ya kaboni haikuvutwa. Yenye oksijeni nayo haikuvutwa, ingawa namna elektroni zinavyogawana nafasi kati ya chuma na oksijeni huko ndani ni ngumu kuliko mchoro huu.

Kwa hiyo ukipewa ioni iliyozungukwa hivyo na kuulizwa ichorwe vipi, usikimbilie kutawanya mishale. Uliza kwanza pengo ni kubwa kiasi gani. Swali likikupa idadi ya elektroni zilizo peke yake kutokana na kipimo cha sumaku, rudi nyuma kutoka hapo: d⁶ yenye nne ina pengo dogo, d⁶ yenye sifuri ina pengo kubwa.